Chungu Changu Mlangoni pa Kiwanda cha Pamba

Kiwanda cha pamba kilipojengwa kwenye njia ya kwenda Kasongo, kijijini kwa mume wangu kila mtu alijua namna ya kutajirika isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimeolewa pale kutoka Wamaza, mwaka wa sita ule, na sikuwa nimezaa. Mwanamke asiyezaa hapewi nafasi ya kutoa mashauri. Hupewa nafasi ya kuteka maji. Nilijua kabisa kwamba ndugu za mume wangu walikuwa wanatafuta kosa moja tu dogo ili wanirudishe kwetu na kudai mbuzi wao wa mahari, na kila asubuhi niliamka nikijihadhari nisilifanye.

Mume wangu ndiye aliyekuwa bingwa wa mashauri. Alikuwa amesoma misheni miaka mitatu, na tangu hapo alikuwa akimaliza maneno yake yote kwa "voilà", ile "ndivyo basi" ya Kifaransa, hata akizungumza na mbuzi. Nilimpenda, nisifiche. Alikuwa mrefu, sauti yake nzuri, na alipokuwa akieleza jambo ulitamani liwe kweli.

Kiwanda chenyewe kilikuwa jumba la mabati lenye mashine ya kutoa mbegu kwenye pamba. Pamba ile tulikuwa tunailima sisi wenyewe, kwa amri, na kuiuza kwa bei ambayo mnunuzi aliipanga akiwa peke yake ili asisumbuliwe na kelele zetu. Sasa walisema kwamba kiwanda kimetuletea maendeleo mpaka mlangoni. Nyuma ya jumba walijenga safu za nyumba ndogo za wafanyakazi, wakaleta wanaume wengi kutoka mbali, wengine kutoka upande wa ziwa, karibu wote bila wake zao.

Mume wangu alikwenda kuangalia mara moja, akarudi akiwa ameshapiga hesabu. Kiwanda ni cha wazungu. Wazungu wanakula kuku na mayai. Kwa hiyo, tufuge kuku, voilà. Alisema "fuata nyuki ule asali" mara nyingi sana juma lile hata jirani zetu wakaanza kuwafuata nyuki walewale. Kila nyumba ilijaa kuku. Walilala jikoni, walilala chini ya kitanda, na mzee mmoja alimhamishia mkewe mdogo barazani ili jogoo apate pahali. Mbuzi wetu wawili walikwenda kwa kununua matetea.

Baadaye tukajua kwamba kiwandani kulikuwa na mzungu mmoja tu, na tumbo lake lilikuwa bovu. Alikula vyakula vya mikebe na uji mwepesi. Kijiji kizima kilikuwa kimemfugia kuku mtu asiyekula kuku.

Siku ya Jumamosi mume wangu alinituma nikauze angalau matetea manne kule kambini, kwa wafanyakazi. Nilikwenda nikiwa na hasira, maana mtu akipewa kuku awabebe kwa kuwashika miguu, kuku wanne wenye kupiga kelele, hawezi kuwa na amani. Nikafika kumbe ni siku ya kugawa posho. Karani alikuwa amekaa kwenye meza, na wanaume walipita mmoja mmoja na mifuko yao. Kila mmoja alipewa posho ya juma zima: vipande vya muhogo mkavu, maharage, samaki mkavu, chumvi, na mawese ndani ya chupa. Nilisimama pale na kuku wangu nikaelewa kwa nini hakuna atakayewanunua. Watu hawa walikuwa na chakula, tena kingi kuliko chetu, na franka zao hawazioni mpaka mwisho wa mwezi.

Nilikuwa natafuta kivuli niwapumzishe kuku nikasikia kinu. Kinu kinatwangwa polepole, kwa hofu, nyuma ya nyumba ya mwisho. Nikachungulia. Mwanaume mkubwa, mabega kama mlango, alikuwa ameshika mchi na kutwanga muhogo, na kila akipiga mara mbili alikuwa anaangalia huku na huku. Aliponiona aliuachia mchi kama mwizi aliyekutwa na mali ya watu.

Kwetu mwanaume hatwangi. Kwao vilevile. Mwanaume anaweza kulima, kuvua, kubeba mzigo mpaka Nyangwe, lakini akishika mchi watu watamwimbia wimbo, na wimbo huo utafika kwao kabla yake. Nikamuuliza wenzake wanafanyaje. Akasema, bila kuniangalia, kwamba wengine wanauloweka muhogo na kuutafuna, wengine wanachemsha maharage nusu saa tu kwa sababu filimbi ya kazi inalia, halafu wanashinda wanakimbilia porini. Wake wa wafanyakazi kambini walikuwa sita, na walikuwa wameshachoka kuombwa.

Niliwaachilia wale kuku. Si kwa kukusudia, niliwasahau, wakakata kamba. Nilichukua mchi nikamtwangia muhogo wake wote, nikauchekecha, na nilipomaliza nilimwambia kwamba katika makopo kumi ya unga, kopo moja ni langu. Akakubali haraka sana hata nikajuta kutosema mawili.

Niliporudi mume wangu aliniuliza kuku wako wapi. Nikamwonyesha unga. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba biashara ni kupeleka kitu pahali ambapo hakipo, na kwamba mimi nimekwenda kwenye ghala la posho nikarudi na posho. Nilikuwa nimeona kitu ambacho kambini hakipo, nacho ni mikono ya wanawake, ila sikujua namna ya kukisema mbele ya mtu mwenye "voilà".

Mwezi wa kwanza nilitwanga tu. Mwezi wa pili wakaniomba nipike kabisa. Hapo ndipo penye mwiba, na lazima nieleze kwa mtu asiyejua desturi zetu. Kumpa mwanaume unga si neno. Lakini mwanamke anayempikia mwanaume chakula cha moto, siku baada ya siku, huyo ni mkewe. Hakuna sherehe nyingine kubwa kuliko hiyo. Watu hawaulizi wanalala wapi, wanauliza nani anampikia. Mwanamke mmoja wa kijiji kile alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya bakuli la sombe, majani ya muhogo, alilompelekea fundi baiskeli mara tatu.

Kwa hiyo nilitafuta njia. Sikupikia kambini wala nyumbani. Niliweka mafiga matatu kando ya barabara, mbele ya mlango wa kiwanda, pahali ambapo kila mpita njia angeona mikono yangu iko wapi. Jumamosi walileta posho yao, kila mmoja mfuko wake na alama yake. Nilipika maharage tangu alfajiri, kwa sababu maharage hayajui filimbi, na saa sita filimbi ilipolia chakula kilikuwa tayari. Na juu ya posho yake, kila mmoja alileta kopo lake la malipo, muhogo au samaki au chumvi, akalimimina ndani ya kapu langu mbele ya watu wote, kabla hajapokea sahani. Asiyemimina hapokei. Nililifanya hilo kwa ajili ya usalama wangu kuliko faida, lakini sikuona haya faida nayo ilipokuja.

Wiki ya tatu nilikuwa na watu ishirini. Baadaye wakawa arobaini. Samaki na chumvi vilinizidi, nikaanza kuvipeleka sokoni Kasongo, ambako chumvi ilikuwa ghali na watu hawakuuliza imetoka wapi. Karani wa posho aliniita siku moja kunikataza, kwamba posho ya kampuni si ya kuuzwa. Nikamjibu kwamba mimi siuzi posho, mimi nauza mshahara wangu. Alifikiri kidogo, akauliza kama leo kuna sombe. Kuanzia siku ile alikuwa na kopo lake kama wengine.

Mume wangu, wakati huo, alikuwa ameanzisha jambo la pili. Alikuwa ameona kwamba wafanyakazi wanapopata franka mwisho wa mwezi wanataka kufanana na makarani. Hilo aliliona sawasawa, sitamnyima haki yake. Na karani anajulikana kwa nini? Kwa mwavuli. Akauza kuku waliobaki na baiskeli yake kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasongo, akaleta miavuli kumi na miwili.

Nilimwambia kitu kimoja tu. Nilimwambia kwamba pamba inavunwa kiangazi, kiwanda kinafanya kazi kiangazi, na mvua ikianza kunyesha mashine itanyamaza na watu watarudi kwao. Atamwuzia nani mwavuli wakati hakuna wingu, na wingu likija atamwuzia nani wakati hakuna watu? Aliniangalia kwa huruma. Karani alinunua mmoja kwa ajili ya jua. Ile mingine kumi na mmoja ilining'inia kwenye dari letu kama popo.

Njaa haikutupata, kwa sababu ya kapu langu. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wanaume wenzake walikuwa wakimwamkia kwa heshima kubwa, wakimwuliza habari za waume wenzake arobaini. Walimwuliza kama anapanga nao foleni. Ndugu zake walisema kosa waliloningojea miaka sita limekuja lenyewe, tena na masufuria. Mume wangu hakunipiga, hakunitukana. Alikaa siku mbili bila kusema "voilà" hata moja, nikaogopa kuliko kama angenipiga. Siku ya tatu akanipeleka barza, kwenye baraza la kesi za kijiji.

Pale barza mwenye kuamua alikuwa mzee mmoja, kapita, yaani msimamizi wa kijiji, mwenye wake watatu na shavu moja lililovimba daima kwa tumbaku. Ndugu za mume wangu walizungumza sana. Mimi nilikaa chini nikifikiria njia ya Wamaza, urefu wake, na uso wa baba yangu akiniona nakuja na kitanda changu kichwani. Niliogopa sana. Nilitaka kubaki. Nilitaka nyumba yangu, na mafiga yangu, na yule mwanaume mrefu mjinga aliyekaa mbele yangu akiangalia vidole vya miguu yake.

Mzee akaniambia niseme.

"Mzee, minauliza neno moja," nikasema. "Hapa kuna bwana gani mwenye analipa bibi yake kwanza, ndiyo anakula?"

Watu wakaangaliana. Kila mwanaume pale alikuwa amekula asubuhi ile bila kulipa chochote, na wengine walikuwa hawajalipa hata mahari yote.

Mzee akatafuna tumbaku yake muda mrefu. Lazima niseme kwamba alikuwa mtu wa haki, lakini lazima niseme pia kwamba wakeze wawili wadogo walikuwa wamekuja kwangu juma lile kuuliza mafiga yananunuliwa wapi, na kwamba nyumbani kwake chumvi ilikuwa imekwisha tangu mwezi jana.

"Mutu mwenye analipa chakula mbele ya watu, ule hapana bwana," akasema mwishowe. "Bwana anakula bure. Hii mwanamuke hana kosa. Na neno hili ni la wote, tangu leo."

Nililia pale pale, sikujali. Mume wangu alinishika mkono tukarudi nyumbani, na njiani akasema kwamba yeye alijua tangu mwanzo nitashinda. Nilimwamini.

Kesho yake mlangoni pa kiwanda palikuwa na vyungu vitatu. Mwisho wa juma vyungu kumi na viwili, na wake za mzee wakiwa mstari wa mbele. Wanawake waliokuwa wamenitemea mate sasa walinikalia ubavuni wakiniuliza chumvi natia lini. Ilikuwa kama kuku tena. Kila mmoja alipika maharage, kila mmoja kwa saa ileile, wakaanza kupunguza malipo: nusu kopo, robo kopo, mmoja akapika kwa shukrani tu mpaka mume wake akaja kumkumbusha maneno ya barza.

Nami nikaona kwamba maharage yamekwisha kuwa kuku. Nikaangalia tena walaji, si vyungu. Watu wa upande wa ziwa walikuwa wanakula maharage yetu kwa adabu tu. Walikuwa wakizungumza habari za ndizi za kwao kila siku, na mimi nilikuwa nawasikia bila kusikiliza. Posho haikuwa na ndizi. Nikaanza kubadilisha chumvi yangu kwa ndizi mbichi vijijini, nikawapikia na samaki wao, na kapu likajaa kuliko mwanzo. Nilijua pia ni la miezi miwili mitatu tu, mpaka pamba iishe, na kila jioni niliweka chumvi pembeni kwa ajili ya masika.

Mzee wa barza naye alikuwa anakuja kula kwangu, akiwapita wake zake bila kugeuka. Alikuwa anamimina kopo lake kwa uangalifu mkubwa kabisa, hata chembe isidondoke, na kusema kwa sauti, "Nimelipa," kwa sababu wakeze walikuwa wanamtazama.

Nilidhani sasa nyumbani kutakuwa na amani. Lakini kadiri nilivyoshinda, ndivyo mume wangu alivyopungua. Hakuna aliyeweza kusema kwamba nina wanaume arobaini, neno lilikuwa limekatwa. Kwa hiyo walisema kwamba yeye anakula posho ya wanaume arobaini. Na lilikuwa kweli. Unga uliokuwa sahanini mwake ulitoka kwenye makopo yao. Akaanza kula kidogo. Akaanza kuniambia kwamba ameshiba kabla sijaweka sahani chini. Mwishowe akawa anakula kwa mama yake, siku tatu mfululizo, na mimi nikawa namwekea chakula kikilala na kuharibika.

Siku ya nne, saa sita, filimbi ililia na watu wakapanga foleni kama kawaida. Nilikuwa nimeinama kwenye chungu, sikuangalia nyuso. Nilikuwa naangalia makopo. Kopo, sahani. Kopo, sahani. Nikaona kopo moja limejaa unga mweupe sana, unga wa nyumba ya mama mkwe, ninaujua kwa sababu yeye huchekecha mara mbili. Nikainua macho.

Alikuwa amevaa shati lake la misheni. Alisimama wima, kati ya yule mwanaume mkubwa wa kinu na karani, na watu wote wakageuka, hata wanawake wa vyungu vingine.

"Mi sikule jasho ya mwanamuke bure," akasema kwa ile sauti yake nzuri, ili wote wasikie. "Mi ni mwanaume. Minalipa."

Nilitaka kumzuia. Nilinyoosha mkono niweke kiganja juu ya kapu. Yeye alidhani nanyoosha mkono kupokea, akamimina kopo lote, mpaka chini, akaligonga ukingoni ili hata vumbi litoke. Kisha akageuka kuangalia watu, akingoja washangilie.

Mzee wa barza alikuwa amekaa juu ya gogo na sahani yake magotini. Alitafuna tonge alilokuwa nalo, akalimeza, akatazama kapu, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

"Amelipa," akasema. "Tumeona wote."

Mume wangu bado alikuwa anatabasamu. Lile neno lilimfikia polepole, nikaliona likimfikia. Nyuma yake ndugu zake walikuwa wanatazama chini, maana sasa waliyokuwa wakiyataka yamekuja, lakini yamekuja kutoka kwao, na mbuzi wa mahari hawadaiwi na mtu aliyejitoa mwenyewe. Angeweza kusema ni mchezo. Angeweza kuweka mkono ndani ya kapu na kuchota unga wake, na mimi ningemsaidia kuchota, kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Nilimngoja afanye hivyo. Lakini watu wengi mno walikuwa wanamwangalia, na mabega yake yalibaki palepale juu alipoyaweka.

Foleni ilikuwa ndefu, na filimbi ya pili iko karibu. Nikachukua sahani. Nikatia ndizi, nikatia samaki kipande kizuri cha katikati. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, anataka na pilipili au bila.

"Bila," akasema. "Sijapendaka pilipili."

Miaka sita nilikuwa nampikia na pilipili.